Skrini ya tatu iliyokataa 2560×1440: kisa cha mnyororo wa DisplayPort

Kompyuta ilikuwa na tundu moja tu la DisplayPort, na mwenyewe alikuwa na skrini tatu mezani, zote za 2560×1440. Mbili za kwanza zilikuwa za zamani kidogo, zimefanya kazi pamoja kwa muda mrefu bila tatizo: kebo ikitoka kwenye kompyuta kwenda skrini ya kwanza, na nyingine ikitoka nyuma ya skrini ya kwanza kwenda ya pili. Kisha ikanunuliwa ya tatu, mpya, na kwa mantiki ya kawaida ikachomekwa mwisho wa mnyororo.

Aliponipigia simu alisema, "Fundi, inaonekana kwenye orodha, lakini nikiweka 2560×1440 inazima. Nikiishusha hadi 1920×1080 inawaka vizuri." Alikuwa ameshabadilisha kebo ya mwisho na kusasisha draiva ya kadi ya michoro. Duka lilimwambia skrini ni mbovu, airudishe.

Maelezo yake yalikuwa na jibu tayari ndani yake. Skrini mbovu haichagui ukubwa wa picha kwa utaratibu namna hiyo. Kebo mbovu huleta picha inayokatika, vidoti vinavyometameta, au giza la mara moja moja. Skrini inayotambulika, inayotaja jina lake kwa usahihi, inayowaka sawasawa kwenye picha ndogo na kukataa kubwa kila mara bila kubadilika, hiyo karibu siku zote inakosa nafasi njiani. Kilichobaki ni kujua ni kipande gani cha njia kimejaa, na kimejaa kwa kiasi gani.

Nilimwomba afanye jaribio moja kabla sijagusa chochote. Kebo zote zibaki zilipo, ila kwenye mipangilio ya mfumo aizime skrini ya pili, ile ya katikati, kisha aiwashe ya tatu kwa 2560×1440. Ikawaka mara moja, safi kabisa. Jaribio hili nalipenda kwa sababu linafuta watuhumiwa wengi kwa mpigo mmoja: kebo zote tatu zimepitisha picha kamili, tundu la kutolea la skrini ya pili linafanya kazi, paneli mpya ni nzima, na draiva inajua la kufanya. Kosa linatokea tu pale picha tatu kubwa zinapotaka kupita kwa wakati mmoja.

Mwenyewe hakuridhika upesi, na alikuwa na sababu. Alikuwa ameshapiga hesabu yake. Picha ya 2560×1440 ina pikseli karibu milioni 3.69. Kila pikseli hutumia biti 24, na picha hubadilishwa mara 60 kwa sekunde. Hiyo ni gigabiti 5.31 kwa sekunde kwa skrini moja, na 15.93 kwa tatu. Skrini zake za zamani ni za DisplayPort 1.2, toleo lililotoka mwaka 2010 na ndilo lililoleta MST, yaani uwezo wa kupitisha mikondo kadhaa ya picha kwenye kebo moja. Kasi yake ya juu, inayoitwa HBR2, ni gigabiti 5.4 kwa kila njia. Kebo ina njia nne, jumla 21.6. Moja ya tano ya hizo huliwa na usimbaji, kwa kuwa kila biti 8 za data husafirishwa kama biti 10, na kinachobaki ni gigabiti 17.28. Akaniuliza: kama nahitaji 15.93 na ninayo 17.28, kwa nini haziingii?

Swali hili ndilo kiini cha kisa chote, na majibu yake ni mawili.

La kwanza ni kwamba alihesabu pikseli zinazoonekana tu. Kati ya mstari mmoja wa picha na unaofuata, na kati ya picha moja na nyingine, kuna mapumziko ambayo hayaonyeshi kitu lakini yanachukua muda kwenye njia. Ukiagiza kompyuta ya Linux ikupe vipimo vya picha hii kwa mapumziko yaliyofupishwa, inatoa hivi:

```
$ cvt -r 2560 1440 60
# 2560x1440 59.95 Hz (CVT 3.69M9-R) hsync: 88.79 kHz; pclk: 241.50 MHz
Modeline "2560x1440R"  241.50  2560 2608 2640 2720  1440 1443 1448 1481 +hsync -vsync
```

Tazama namba mbili: 2720 na 1481. Mstari una pikseli 2560 za kuonekana lakini unahesabiwa kama 2720, na mistari ni 1481 badala ya 1440. Kwa hiyo kasi halisi ya pikseli ni megahezi 241.5. Zidisha kwa biti 24 upate gigabiti 5.796 kwa skrini moja. Tatu zinafika 17.39. Njia ni 17.28. Imezidi kwa kiasi kidogo sana, na hapo ndipo hesabu ya pikseli peke yake inapowadanganya watu: kwa skrini mbili hautaona tofauti, kwa nne utajua mapema kwamba haiwezekani, ila kwa tatu za ukubwa huu inakuonyesha kwamba zinaingia wakati haziingii.

Jibu la pili ni namna MST inavyogawa njia. Haigawi kwa biti moja moja. Inakata muda wa kebo katika vipande 64 vinavyojirudia, na kila mkondo wa picha unapewa idadi kamili ya vipande hivyo. Kipande kimoja hutumika kwa kichwa cha pakiti, hivyo vinavyobaki kwa picha ni 63. Ni kama viti vya basi: abiria anayehitaji kiti na nusu analipia viti viwili, hata kama nusu nyingine inakwenda tupu.

Kwenye HBR2 yenye njia nne, kipande kimoja kinabeba megabaiti 33.75 kwa sekunde. Picha yetu ya 2560×1440 inahitaji megabaiti 724.5, na kompyuta huongeza takriban asilimia 0.6 ya akiba kwa sababu saa za vifaa hazilingani kikamilifu na kasi ya kebo huyumbishwa kidogo makusudi ili kupunguza mwingiliano wa mawimbi. Ukigawanya unapata vipande 21.6, vinavyokuwa 22. Skrini mbili ni vipande 44. Vinabaki 19, na ya tatu inataka 22.

Sasa angalia kwa nini 1920×1080 ilikuwa inawaka. Picha hiyo kwa hezi 60 inakwenda kwa megahezi 148.5, yaani megabaiti 445.5 kwa sekunde, na ukiongeza akiba inachukua vipande 14. Kumi na nne inakaa ndani ya kumi na tisa bila shida: jumla 58 kati ya 63. Hesabu imeeleza kila alichokiona, pamoja na jaribio la kuzima skrini ya katikati, ambapo vipande vilivyotumika vilikuwa 44 tu.

Nilimwonyesha pia hali ambayo ingekuwa ya kebo kweli, kwa sababu dalili zake hufanana kwa mbali. Kompyuta na skrini zinapoanza kuzungumza hujaribu kasi ya juu kwanza, na kebo ikishindwa kuipitisha bila makosa, hushuka hadi kasi ya chini yake kimya kimya. Kutoka HBR2 kushuka hadi HBR, kila kipande kinabeba nusu, megabaiti 16.875. Skrini moja ya 2560×1440 inakula vipande 44 peke yake. Vinabaki 19, na hata picha ya 1920×1080 inahitaji 27. Kwa hiyo kebo ya kwanza ikiwa mbovu, asingepoteza ukubwa wa skrini ya tatu tu. Angepoteza skrini ya pili pia, tena ghafla, kwenye mpangilio uliokuwa ukifanya kazi jana. Hali hiyohiyo huwapata wenye kompyuta mpakato wanaopitia kituo cha USB-C: kituo kikitumia njia mbili kwa picha na mbili nyingine kwa data ya USB, HBR2 ya njia mbili ina uwezo uleule wa HBR ya njia nne, na mnyororo wa skrini mbili kubwa unakwama bila kosa la mtu yeyote.

Kwenye Linux yenye michoro ya Intel, kuna mahali pa kuona haya yote bila kukisia:

```
sudo cat /sys/kernel/debug/dri/0/i915_dp_mst_info
```

Faili hiyo huchora mnyororo wenyewe, ikionyesha tawi moja baada ya jingine na mikondo iliyogawiwa vipande. Kwa mtu asiyetaka kuingia huko, jaribio la kuzima skrini moja linatosha.

Hadi hapo tulijua tatizo. Suluhisho lilikuwa tayari mezani, limechomekwa mahali pasipofaa.

Katika mnyororo, kebo hazibebi mzigo sawa. Ya kwanza, kutoka kwenye kompyuta hadi skrini ya kwanza, inabeba mikondo yote mitatu. Skrini ya kwanza inachukua wake na kupitisha miwili. Ya pili inachukua wake na kupitisha mmoja. Kila kebo hukubaliana kasi yake kivyake kati ya vifaa viwili vinavyogusana. Kadi ya michoro ya kompyuta hii ilikuwa ya DisplayPort 1.4, yenye kasi inayoitwa HBR3: gigabiti 8.1 kwa njia, na baada ya usimbaji gigabiti 25.92 kwa njia zote nne. Skrini mpya nayo ilikuwa ya 1.4. Lakini kati yao kulikuwa na skrini mbili za 1.2, na kompyuta ilipozungumza na ya kwanza iliishia HBR2. Uwezo wa skrini mpya ulikuwa umekaa mwisho wa mstari, mahali ambapo unapita mkondo mmoja tu wa vipande 22. Hapo hata HBR2 ilikuwa kubwa kuliko hitaji.

Tukaipeleka mbele. Hesabu mpya inakwenda hivi. Kwenye HBR3 kipande kimoja kinabeba megabaiti 50.625, kwa hiyo skrini moja ya 2560×1440 inachukua vipande 15. Kebo ya kwanza inabeba mikondo mitatu, vipande 45 kati ya 63. Kebo ya pili, kutoka skrini mpya hadi ya zamani, inarudi kwenye HBR2, lakini sasa ina mikondo miwili tu: vipande 44. Kebo ya tatu ina 22. Kila kebo ina nafasi, na hakuna kilichonunuliwa isipokuwa kebo moja.

Kebo hiyo ilikuwa muhimu. Ile ya kwanza ya zamani ilikuwa imetosha kwa HBR2 miaka yote, na hakukuwa na sababu ya kuamini kwamba ingepitisha kasi ya juu zaidi. Zile zilizothibitishwa kwa jina la DP8K zimepimwa kwa HBR3, na mahali pekee palipohitaji kebo ya namna hiyo ni kati ya kompyuta na skrini ya kwanza. Zile mbili za nyuma zilibaki zilezile.

Baada ya kupanga upya tuliwasha, na dalili ikarudi vilevile: skrini mbili kamili, ya tatu 1920×1080 tu. Mtu angeweza kukata tamaa hapo na kusema hesabu ni ya vitabuni. Lakini dalili kuwa ileile kabisa ni taarifa yenyewe. Kama kebo mpya ingekuwa inashuka hadi HBR, tungepoteza zaidi. Kubaki palepale kulimaanisha kebo ya kwanza ilikuwa bado inakwenda kwa HBR2.

Tukaingia kwenye menyu ya skrini mpya, kwa vitufe vya ukingoni. Kulikuwa na mstari wa toleo la DisplayPort, na ulikuwa umewekwa 1.2. Skrini nyingi huja na mpangilio wa namna hii ili zielewane na kompyuta za zamani, na ilipokuwa mwisho wa mnyororo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuugusa. Tukauweka 1.4, tukathibitisha kwamba MST imewashwa, tukazima skrini zote kwa swichi na kuziwasha tena ili makubaliano ya kasi yaanze upya. Zote tatu zikafunguka kwa 2560×1440.

Kuhusu MST kwenye menyu, utaratibu ni mwepesi lakini unawakwaza wengi. Kila skrini inayopitisha picha kwenda nyingine lazima iwe imewashiwa MST. Ya mwisho haihitaji, na ni afadhali izimwe hapo. Ikizimwa kwenye ya kwanza, kompyuta inaona skrini moja tu, haijalishi umechomeka ngapi nyuma yake. Na tundu la kutolea picha lazima liwepo kweli: skrini yenye matundu mawili ya DisplayPort ambayo yote ni ya kuingizia haiwezi kukaa katikati ya mnyororo. Maandishi madogo karibu na tundu yatakuambia, kwa kawaida neno OUT.

Kama asingekuwa na skrini ya 1.4, bado kulikuwa na njia ya kubaki na HBR2, ningeitumia kama ya dharura. Skrini moja ikishushwa hadi hezi 50 kwa mapumziko mafupi, kasi ya pikseli inafika karibu megahezi 200, na mkondo wake unachukua vipande 18. Ishirini na mbili, ishirini na mbili na kumi na nane ni 62. Kwa maandishi na majedwali, hezi 50 haisumbui macho ya wengi, mradi skrini yenyewe inaikubali. Baadhi ya draiva hufanya kitu kingine bila kukuambia: hupunguza rangi kutoka biti 24 hadi 18 kwa pikseli ili mkondo uingie. Ukiona mnyororo uliokuwa umegoma sasa unakubali, angalia mpito wa rangi, kwa mfano picha ya anga. Ukionekana kama ngazi badala ya kufifia taratibu, rangi zimekatwa.

Upande wa pili nao una gharama yake. Anayewasha rangi za biti 10 kwa kila rangi ya msingi anapandisha mkondo wa 2560×1440 kwenye HBR2 kutoka vipande 22 hadi 27. Kwenye mpangilio wetu mpya kebo ya pili ingefika 54 na bado ingepita, lakini mtu mwenye skrini mbili kubwa na moja ndogo kwenye HBR2 angepoteza ile ndogo kwa sababu ya kubonyeza mpangilio wa rangi ambao hakudhani unahusiana.

Kuna vikomo viwili ambavyo hesabu ya vipande haivigusi, na niliviangalia kabla ya kumwambia ahamishe chochote. Kadi ya michoro ina idadi maalumu ya picha inazoweza kuzalisha kwa wakati mmoja, mara nyingi tatu au nne, na kwenye kompyuta mpakato skrini yake yenyewe inahesabiwa ndani. Njia ikiwa na nafasi nusu, skrini ya ziada bado itakataa kama kadi haina mkondo wa kuipa, na hapo dalili ni tofauti: haikubali hata picha ndogo kabisa. Cha pili ni mfumo wa uendeshaji. macOS haigawi skrini tofauti kupitia mnyororo wa MST. Skrini za nyuma hurudia picha ya ile ya kwanza, na hakuna kebo wala mpangilio wa menyu utakaobadilisha hilo.

Siku chache baadaye akaja na ombi jipya. Skrini mpya ilikuwa na uwezo wa hezi 144, na alitaka kuutumia. Kwa 144, mkondo wake peke yake unachukua vipande 35 au zaidi kwenye HBR3, kutegemea urefu wa mapumziko ya skrini hiyo. Ukiongeza 30 vya skrini nyingine mbili unavuka 63. Kwa hezi 120 kasi ya pikseli ni megahezi 497.75, mkondo unachukua vipande 30, na jumla inakuwa 60. Tukaiweka 120, nikamwandikia kwenye karatasi mpangilio wa kebo na menyu za skrini zote tatu, pamoja na onyo kwamba vipande 3 vilivyobaki haviruhusu kuwasha biti 10 kwenye skrini mpya, wala kwenye zile mbili za zamani kwa pamoja.